Mota Inapozunguka Kinyume

Kebo ya umeme ikikatwa na wachimba mtaro kisha ikaungwa upya, kipimo cha kwanza wanachokitazama watu ni taa. Zikiwaka, kazi imekwisha na fundi alipwe. Lakini taa haijui lolote kuhusu jambo ambalo mota kubwa hulitegemea ili izunguke upande wake, yaani mfuatano wa fezi. Friji nalo halijui, wala pasi, wala kompyuta. Ndiyo maana shule nzima inaweza kuwa na umeme wenye volti kamili, huku pampu yake ya maji ikizunguka kinyume tangu asubuhi na hakuna aliyegundua.

Mwenye nyumba ya kawaida asiwe na hofu. Umeme wa njia moja unaoingia majumbani, ule wa volti 230, hauwezi kugeuza mota kwa kosa la kebo. Pampu ndogo ya uani mwelekeo wake umepangwa ndani yake, kwa msaada wa koili ya pili na kapasita, na hata ukibadilishana nyaya mbili za plagi itazunguka vilevile. Tunachozungumzia hapa ni umeme wa njia tatu: mashine za kusaga, pampu za visima virefu, lifti, kumpresa za gereji, mashine za kuranda mbao. Huko zinaingia nyaya tatu zenye moto, na kati ya fezi moja na nyingine pana volti 400.

Fezi hizo tatu zina nguvu sawa, ila hazifiki kileleni kwa wakati mmoja. Umeme wetu unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, maana yake kila wimbi linachukua milisekunde 20. Fezi ya pili inafika kileleni karibu milisekunde 7 baada ya ya kwanza, na ya tatu karibu milisekunde 7 baada ya ya pili, kisha ya kwanza inapokea tena. Ndani ya mota koili zimepangwa kuzunguka duara, kila kundi likilishwa na fezi yake. Nguvu ya sumaku inakuwa kama inahama kutoka kundi hadi kundi, na kile chuma cha katikati kinachobeba shafti kinaifuata. Galileo Ferraris wa Turin na Nikola Tesla aliyekuwa Marekani, kila mmoja kivyake, walilitangaza wazo la sumaku inayozunguka mwaka 1888, na mota ya mashine ya kusaga ya leo bado inaendeshwa nalo.

Wafikirie watoto watatu waliosimama duara wakipasiana mpira: Asha anampa Juma, Juma anampa Neema, Neema anamrudishia Asha. Mpira unazunguka kuelekea kulia. Sasa mwambie Juma na Neema wabadilishane mahali, lakini wapasiane kwa mfuatano uleule wa majina. Mpira utazunguka kuelekea kushoto. Ingekuwa hivyo hivyo kama wangebadilishana Asha na Juma, au Asha na Neema. Lakini wote watatu wakisogea hatua moja kwa pamoja, kila mmoja akichukua nafasi ya jirani yake, mpira unaendelea kulia kama mwanzo.

Hiyo ndiyo siri yote ya mota kugeuka. Nyaya tatu zinaweza kufungwa kwenye skurubu tatu kwa njia sita. Tatu kati ya hizo zinaizungusha mota upande sahihi, na tatu zinaizungusha kinyume. Fundi akiunga kebo gizani bila kujali ipi ni ipi, ana nusu ya bahati. Na kwa kuwa nusu ya makosa hayaonekani, wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa miaka mingi wakiamini kwamba hawajawahi kukosea.

Kinachovuruga mpangilio mara nyingi ni rangi. Mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao bado umejaa kwenye majengo ya Tanzania na Kenya, ulikuwa na fezi nyekundu, njano na bluu, na nyutro nyeusi. Kebo mpya zinazofuata mpangilio wa Ulaya zina fezi ya kahawia, nyeusi na ya kijivu, na nyutro bluu. Ukitazama vizuri utaona mtego. Nyeusi ya zamani ni nyutro, ya sasa ni fezi. Bluu ya zamani ni fezi, ya sasa ni nyutro. Kebo ya zamani iliyokatwa ikaingizwa kipande kipya katikati inampa fundi maungio mawili ambapo rangi za upande mmoja hazilingani na za upande mwingine. Kwenye ungio moja tu kati ya hayo, akiunga nyeusi kwa nyeusi na bluu kwa bluu kwa sababu zinafanana, amekwishaifanya nyutro kuwa fezi, na vifaa vya volti 230 vitapokea volti 400. Kosa hilo angalau hujitangaza kwa moshi. Akiziweka nyutro sawasawa lakini akachanganya fezi mbili, hakuna moshi wala breka inayoanguka.

Hata pale rangi zinapolingana, kebo yenyewe ina ujanja wake. Nyaya zake za ndani zimesokotwa. Ukiitazama ncha moja, nyekundu, njano na bluu zinafuatana kwa mzunguko wa saa. Ukienda kuitazama ncha ya pili, zinafuatana kinyume cha saa. Kipande cha kuunganishia kikilazwa mtaroni kichwa chini miguu juu, nyaya hazitatazamana na wenzake, na itabidi mbili zipishane ndani ya kiungo. Mvivu huunga zilivyolala. Mtaalamu hutambua kila waya kwanza: kebo ikiwa imezimwa pande zote na kuthibitishwa kuwa haina umeme, anaufunga waya mmoja kwenye deraya ya chuma ya kebo upande wa mbali, halafu upande wake anapima kwa mita ni upi unaosoma karibu na ohmu sifuri kwenda kwenye deraya hiyo. Anauwekea alama, kisha anahamia wa pili.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme ni shule ya bweni. Kebo ya chini ya ardhi, mita 80, inatoka kwenye mita ya shirika la umeme hadi kwenye paneli kuu. Pale kwenye paneli kuna chenjiova, ile swichi kubwa ya kuchagua kati ya umeme wa gridi na jenereta. Baada ya chenjiova zinatoka njia za madarasa, jiko lenye feni kubwa ya kutoa moshi, na pampu inayopandisha maji hadi tangi lililo mita 15 juu. Kebo inakatwa, inaungwa, taa zinawaka.

Siku ya pili mwalimu wa zamu analalamika kwamba tangi halijai. Pampu inanguruma kama kawaida na maji yanatoka, lakini kidogo. Hapa ndipo wengi hupotea. Pampu ya aina hii husukuma maji kwa kuyatupa nje kutoka katikati ya gurudumu lake, na ikizunguka kinyume haiyanyonyi kuyarudisha kisimani, kama watu wanavyodhani. Inaendelea kuyatupa nje, ila mapanga ya gurudumu yanayapiga kwa mgongo, kwa hiyo msukumo unaporomoka. Feni ya jikoni nayo, ikiwa ni ya aina hiyohiyo ya gurudumu ndani ya kasha, itaendelea kutoa moshi kwa uvivu. Watu watasema kisima kimepungua maji, au bomba limeziba, au vali ya chini ya kisima inavuja. Nimeona kisima kikifunguliwa na mabomba kuvutwa yote juu kwa ajili ya waya mbili.

Njia ya kujua ni rahisi kama kuna geji ya presha. Unafunga vali ya kutolea maji kwa muda mfupi, pampu ikiendelea kuzunguka, unasoma presha, kisha unaifungua. Tuseme pampu ya shule hii ilipofungwa mara ya kwanza ilisoma bari 4 ikiwa imefungiwa vali. Sasa inasoma kidogo zaidi ya bari 2. Kulifikia tangi lenyewe kunahitaji bari moja na nusu, kwa hiyo kinachobaki cha kuyasukuma maji ni kidogo sana. Tangi lingekuwa mita 30 juu, lisingepata hata tone. Kwa pampu iliyozama kisimani, ambayo huioni shafti yake, mafundi hutumia kipimo hichohicho: wanaijaribu pande zote mbili, na upande wenye presha kubwa ndio sahihi. Kwa pampu iliyo juu ya ardhi, mara nyingi kuna mshale kwenye kasha lake la chuma, umefunikwa na rangi na vumbi. Ufute, zima mota, tazama shafti inavyomalizia mzunguko.

Fundi wa shule anaufuta mshale, anaona mota inakwenda kinyume, anazima, anafungua sanduku la mota na kubadilishana nyaya mbili kati ya tatu, tuseme ya U na V. Presha inarudi bari 4. Anashukuriwa na kuondoka, na ukimuuliza mtu yeyote pale atakuambia alichofanya ni sahihi. Mimi nasema amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo itakayoleta matata.

Wiki inapita, umeme wa gridi unakatika. Jenereta inawashwa, chenjiova inageuzwa, na pampu inarudi kwenye ugonjwa wake wa mwanzo. Jenereta haikuguswa na mtu, wala kebo yake. Ilikuwa sahihi siku zote. Kilichobadilika ni mota, ambayo fundi ameirekebisha ifuate kosa lililoko kwenye kebo ya gridi. Sasa inakwenda sawa kwa gridi na kinyume kwa jenereta. Na feni ya jikoni, ambayo hakuna aliyeikumbuka, inakwenda kinyume kwa gridi na sawa kwa jenereta. Mpishi anayesema moshi hutoka vizuri umeme ukikatika anachekwa, ilhali ndiye aliyeshika ufunguo wa mambo yote.

Hapo ndipo inapohitajika mita ya mfuatano wa fezi. Ni kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, chenye nyaya tatu zilizoandikwa L1, L2 na L3. Aina ya zamani ina kisahani cha alumini kinachoonekana kupitia dirisha dogo. Ndani yake mna koili tatu, kwa hiyo yenyewe ni kimota kidogo kinachozunguka kulia au kushoto kulingana na mfuatano inaolishwa. Aina mpya huwasha taa yenye mshale wa kulia au wa kushoto, pamoja na taa tatu za kuonyesha kwamba kila fezi ipo. Taa hizo tatu zitazamwe kwanza. Fezi moja ikikosekana, mshale hauna maana, na mota kwenye umeme huo haizunguki kinyume: inanguruma bila kuanza, kisha inaungua.

Kabla mita hizi hazijawa za bei nafuu, mafundi walitengeneza yao kwa balbu mbili za nyuzi na kapasita moja, vikiwa vimeungana kwenye nukta moja na kila kimoja kikienda kwenye fezi yake. Balbu inayong'aa zaidi iko kwenye fezi inayofuata ile yenye kapasita. Kanuni ni kweli na vitabu bado vinaifundisha, lakini balbu ile angavu hupata volti zinazozidi 300, nukta ile ya katikati ina moto, na balbu za LED hazikufai kitu. Siipendekezi kwa mtu aliye mbele ya paneli halisi. Hata mita ya dukani ni kazi ya fundi aliyesajiliwa, kwa sababu kipimo hiki hufanyika umeme ukiwa hai, mahali ambapo kuteleza kwa ncha moja kunaweza kuzusha mlipuko wa moto usoni.

Kwenye shule yetu fundi wa pili anaanzia kwenye chenjiova, ambako vyanzo vyote viwili vinakutana. Anagusisha L1, L2 na L3 kwenye skurubu za upande wa gridi, kushoto kwenda kulia: mshale unaonyesha kushoto. Jenereta ikiwa inazunguka, anagusisha kwa mpangilio uleule upande wa jenereta: mshale unaonyesha kulia. Vyanzo viwili havipatani, na kwa kuwa kilichoguswa hivi karibuni ni kebo ya gridi, shaka inakwenda huko. Anazima kwenye swichi ya upande wa mita, anaifunga kwa kufuli, anathibitisha kwamba hakuna umeme, anabadilishana nyaya mbili za kebo hiyo pale inapoingia kwenye paneli, na kuzibadilisha alama zake ziendane. Halafu, na hili ndilo husahaulika, anarudi kwenye mota ya pampu na kuzirudisha U na V zilivyokuwa. Anapima tena pande zote mbili: kulia, kulia. Pampu bari 4 kwa gridi, bari 4 kwa jenereta. Feni ya jikoni imejirekebisha yenyewe bila kuguswa.

Mita ina mpaka wake. Inasema fezi zinafuatanaje mahali ulipoigusisha, haisemi mashine itazunguka upande gani. Mota iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa, ikiungwa L1 kwa U, L2 kwa V na L3 kwa W, huzunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka upande wa shafti. Lakini mota iliyowahi kusukwa upya na fundi wa mtaani inaweza kuwa na ncha zilizoandikwa vibaya. Kwa hiyo baada ya mita, mota huguswa: inawashwa kwa sekunde moja na kuzimwa, na macho yanafuata shafti. Pia yapo majengo ambamo makosa mawili ya zamani yalifutana, moja kwenye kebo na jingine kwenye mota, na kila kitu kikaenda sawa kwa miaka. Anayekuja kusahihisha moja anaonekana ndiye aliyeharibu. Ndiyo sababu fundi mzuri, akipata nafasi ya kupima kabla kebo haijakatwa, hupima na kuandika alichokikuta, hata kama mshale unaonyesha kushoto. Anachotakiwa kukirudisha ni hicho alichokikuta.

Pampu na feni zina uvumilivu. Kuna mashine ambazo kuzigusa kwa sekunde moja ili uone ni kosa tayari. Kumpresa ya skrubu ikizunguka kinyume haipati mafuta yake ya kulainisha, na hukwanguana yenyewe ndani ya muda mfupi mno. Pampu ambayo gurudumu lake limefungwa kwa nyuzi za skurubu kwenye shafti inaweza kulifungua lenyewe. Kwa hizo mita hutangulia, au mota hutenganishwa na mashine kwanza.

Lakini inayonitia hofu zaidi ni winchi ya kupandishia mizigo. Unabonyeza kitufe cha kushusha, ndoano inapanda. Mtu akishtuka na kuendelea kubonyeza, ndoano inakaribia juu kabisa, ambako kuna swichi ya mwisho iliyowekwa kuzuia ajali. Swichi hiyo hukata kontakta ya kupandisha. Ila kontakta inayofanya kazi sasa ni ya kushusha, na hiyo haijakatwa na kitu chochote. Ndoano inapita, inagonga ngoma, waya unakatika na mzigo unaanguka. Ulinzi wote upo, hakuna kilichoharibika, na hauna nguvu yoyote kwa sababu fezi mbili zimepishana mita mia kadhaa kutoka hapo.

Lifti nyingi za kisasa zimejikinga na hali hii kwa rilei ya mfuatano wa fezi, kisanduku kidogo ndani ya paneli yake ambacho hukataa kabisa kuruhusu mota ianze kama mpangilio ni wa kinyume. Hoteli ikikuta lifti imegoma saa moja baada ya kebo kutengenezwa, huku taa zote zikiwaka, asiitwe fundi wa lifti kwanza. Lifti inawezekana ni nzima na ndiyo pekee katika jengo iliyogundua kosa. Kinachokera ni kumwona mtu akiiruka rilei hiyo kwa kipande cha waya ili wageni wapande.

Upande wa pili kuna mota ambazo hazibadiliki hata ukipishanisha fezi za kebo kuu. Ni zile zinazoendeshwa kupitia inveta ya kudhibiti mwendo, ambayo huubadilisha umeme unaoingia kuwa wa mkondo mmoja, kisha ikatengeneza fezi tatu mpya kwa mpangilio wake yenyewe. Pampu kama hiyo haiwezi kutumiwa kuthibitisha kwamba kebo iko sawa. Shule yetu ingekuwa nayo, kosa lingekaa kimya mpaka siku feni itakapolalamikiwa.

Mfuatano sahihi, hata hivyo, hautoshi pale vyanzo viwili vinapotakiwa kufanya kazi kwa wakati mmoja, kwa mfano kebo mbili za gridi zinazolisha paneli moja. Wale watoto watatu wakisogea wote hatua moja, mpira bado unakwenda kulia na mita bado itaonyesha kulia, lakini L1 ya kebo moja sasa inatazamana na L2 ya nyingine. Swichi ya kuziunganisha ikifungwa hapo, ni shoti kamili. Kwa hiyo fundi huweka mita ya mfuatano pembeni na kuchukua voltimita, anagusisha ncha moja L1 ya upande huu na nyingine L1 ya upande ule, swichi ikiwa wazi. Ikisoma karibu na sifuri, ni fezi moja. Ikisoma 400, ni fezi mbili tofauti zilizopewa jina moja. Anarudia kwa L2 na L3, na kabla ya yote anahakikisha mita inasoma 400 kati ya L1 na L2 za upande uleule, ili sifuri anayoiona isiwe ya fyuzi iliyokufa ndani ya nyaya za mita yenyewe.